Wastani wa Kungoja

Isakwisa alipotoka kwenye chumba cha kompyuta alikuwa anacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha Mbuke. Mtu aliyefeli mtihani wa marudio hacheki.

"Imeninyima tena," alisema. "Mashine inasema jibu ni mbili. Mimi nimeleta tano nukta tatu tatu. Nimekokotoa kwa mkono, Mbuke, kwenye karatasi, kama mtoto wa shule. Ni tano nukta tatu tatu. Hata ukinifunga kamba."

"Umemwambia Dokta?"

Hapo kicheko kikakatika. Isakwisa aliangalia mlango wa ofisi ya Dokta Sosthenes, uliokuwa umefungwa, akashusha sauti. "Nani amwambie?"

Hakuna aliyewahi kumsikia Dokta Sosthenes akipaza sauti, na labda ndiyo maana wanafunzi walimwogopa kuliko walimu waliofoka. Alifundisha somo la mifumo endeshi katika chuo kimoja cha pale Mbeya. Darasa lilipokuwa dogo alisahihisha kwa kalamu. Lilipokua, aliandika programu ya kusahihisha: mwanafunzi anapakia kazi yake, mashine inaijaribu, inatoa alama. Ilisimuliwa kwamba mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja aliilalamikia programu hiyo, Dokta akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia polepole, "Mashine haina chuki na mtu. Wewe je?" Mwanafunzi huyo hakuonekana tena. Kama aliondolewa au aliondoka mwenyewe, hakuna aliyejua, lakini hadithi ilitosha.

Swali lililowaangusha lilikuwa moja. Andika programu inayoiga jinsi kompyuta inavyogawa prosesa yake kwa kazi zinazoisubiri. Igawe kwa njia mbili. Ya kwanza, Round Robin, yaani ya zamu: kila kazi inapewa kipande kidogo cha muda, ikishindwa kumaliza inarudi nyuma ya foleni, inaingia nyingine. Ya pili, Shortest Job First, yaani kazi fupi kwanza: iliyo fupi kuliko zote inaanza na kumaliza, kisha inayofuata kwa ufupi. Halafu toa wastani wa muda wa kungoja kwa kila njia, useme ipi ina wastani mdogo.

Mbuke alilielewa jambo hilo kabla hajaiona kompyuta. Nyumbani kwao, nje kidogo ya Igawa, kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na akina mama walikuwa wakigombana hapo kila msimu. Mwenye debe moja alitaka atangulie, kwa sababu kumsubirisha nyuma ya mwenye magunia ni kumwonea. Ukiwatanguliza wenye mizigo midogo, watu wengi wanaondoka mapema, na ukijumlisha kungoja kwa wote unapata kidogo kuliko mpango wowote mwingine. Anayeumia ni mwenye magunia. Ukisema kila mtu akoboe debe moja kisha arudi nyuma ya foleni, kila mmoja ataigusa mashine mapema, roho zitatulia, lakini wengi watarudi nyumbani jua limezama.

Kwa hiyo kwenye mtihani wa kwanza aliandika hivyo hivyo alivyoelewa. Kama kazi zote zimefika pamoja, wastani wa kungoja wa kazi fupi kwanza hauwezi kushindwa na wa zamu. Mashine ikamwandikia KOSA. Akafeli, akapangiwa marudio, pamoja na Isakwisa na wengine wachache. Mtu akifeli marudio anadisko: anaondolewa chuoni, basi.

Isakwisa alikuwa amefanya marudio asubuhi hiyo. Zamu ya Mbuke ilikuwa mchana.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi Ipyana alipomwinamia. Ipyana naye alikuwa wa marudio, na alikuwa ameshatoka.

"Nimepita," alimnong'oneza. "Sikiliza, usiwe mbishi kama yule. Kwenye zamu, usihesabu kungoja kote. Hesabu mpaka kazi inapoanza mara ya kwanza tu, kisha acha. Mashine itakupa alama."

"Lakini hiyo si kungoja. Kazi ikirudi kwenye foleni inangoja tena."

"Mbuke." Ipyana alimtazama kama anayemtazama mtu aliyesimama katikati ya barabara kuu. "Unataka kuwa sahihi au unataka kubaki chuoni?"

Alipoingia, alikosea hata jina lake la kuingilia kwenye kompyuta. Aliandika kwanza programu ya kweli. Akaitazama. Nyuma yake Dokta Sosthenes alikuwa akipita kati ya viti, taratibu, viatu vyake havitoi mlio. Akilini Mbuke alimwona Isakwisa akishuka na begi stendi ya Mbalizi kumweleza mama yake. Akajiona yeye mwenyewe akishuka Igawa. Akafuta mstari mmoja, ule unaochukua muda wa kumaliza na kutoa muda wa kazi yenyewe, akaweka mwingine unaosema: kungoja ni mpaka kuanza. Kwenye swali la mwisho aliandika kwamba njia ya zamu ndiyo yenye wastani mdogo.

Mashine ikaandika SAHIHI, kwa rangi ya kijani.

Isakwisa aliondoka chuoni wiki hiyo hiyo. Mbuke alimsindikiza mpaka getini, hakumwambia kitu. Alitaka kumwambia. Kila alipofungua mdomo aliona rangi ile ya kijani.

*

Kisha likatoka tangazo ambalo hakulitarajia. Waliofaulu marudio wangehojiwa ana kwa ana na mtahini wa nje kabla matokeo hayajapitishwa. Mtahini alikuwa Daktari Benedicta, mama mtu mzima anayeishi Iringa, na kwa kuwa chuo kilikuwa na tawi dogo huko, wanafunzi wangemfuata kwa gari la chuo. Dokta Sosthenes angekuwepo.

"Atauliza mambo mepesi," Ipyana alisema, lakini alikuwa anatafuna kucha.

Mbuke hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alikuwa ameona jambo ambalo wenzake hawakutaka kuliona. Mashine ya Dokta ilikuwa na kosa, lakini mtahini wa nje hakuwa mashine. Mtu yeyote anayelijua somo lile angesoma karatasi yake na kuona upuuzi: kazi zote zimefika pamoja, halafu njia ya zamu imeishinda kazi fupi kwanza kwa wastani wa kungoja. Haiwezekani. Angeandika ukweli, mashine ingemtoa. Ameandika uongo, mtu atamtoa. Alijihisi kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili, kila moja ikivutwa na mkono tofauti.

Gari lilipofika Igawa lilisimama watu wanunue vitumbua. Baba yake alikuwa pale, amesimama na fimbo yake ya kuchungia, shuka begani. Alikuwa amepigiwa simu na mama kwamba binti atapita.

"Mwangaluka, mwanangu," mzee Shija alimsalimia dirishani.

"Mwangaluka, baba."

"Nimesikia umefaulu ule mtihani mbaya. Nimewaambia pale kanisani. Na kaka yangu Makoye nimempigia Shinyanga." Alicheka, meno yake machache yakaonekana. "Wameniuliza ni mtihani wa nini, nikasema wa foleni. Wakasema, foleni inasomewa chuo kikuu?"

Abiria walicheka. Mbuke naye alijaribu kucheka. Baba yake aliutia mkono dirishani, akamgusa kichwa kwa vidole vigumu, na gari likaondoka.

*

Iringa asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Walipangwa kwenye benchi nje ya chumba, na Mbuke akaitwa wa kwanza.

Daktari Benedicta alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta. Mbele yake kulikuwa na kazi ya Mbuke iliyochapishwa. Dokta Sosthenes alikaa pembeni, dirishani, kalamu mkononi.

"Shikamoo, Madam. Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa. Hapana, usikae. Chukua chaki." Daktari Benedicta aliashiria ubao. "Kazi tatu zimefika pamoja. A inahitaji sekunde nane, B nne, C mbili. Kipande cha zamu ni sekunde mbili. Nichoree zamu."

Ndizo namba za mtihani. Mbuke alichora mstari mrefu akaugawa. A mbili, B mbili, C mbili; hapo C imemaliza, sekunde ya sita. A mbili, B mbili. B imemaliza, ya kumi. A tena, na A tena, ya kumi na nne.

"Kila moja imengoja kiasi gani?"

Angeweza kudanganya hapo. Angesema A sifuri, B mbili, C nne. Lakini mstari ulikuwa ubaoni, mweupe, na kila mtu angeona B ikikaa pembeni mara mbili. "A imemaliza kumi na nne, kazi yake ni nane, imengoja sita. B imemaliza kumi, kazi yake nne, imengoja sita. C imemaliza sita, kazi yake mbili, imengoja nne. Jumla kumi na sita. Wastani tano nukta tatu tatu."

"Kazi fupi kwanza?"

"C haingoji. B inangoja mbili. A inangoja sita. Jumla nane. Wastani mbili nukta sita saba."

Daktari Benedicta aliinua karatasi. "Vizuri. Sasa programu yako, kwa kazi hizi hizi, inasema zamu ni mbili kamili. Na umeandika hapa kwamba zamu ndiyo bora. Ubao na karatasi, kipi kinadanganya?"

Mbuke aliutazama ubao, kisha karatasi.

"Ni kosa la kawaida, Madam," Dokta Sosthenes alisema kwa upole wake ule ule. "Amepima muda mpaka kazi inapoanza mara ya kwanza. Kwa kazi fupi kwanza haina shida, kwa sababu kazi ikishaanza haikatizwi. Kwa zamu ni kosa, kazi inarudi kwenye foleni. Wanafunzi huchanganya sana."

Mbuke alimgeukia. Kwa hiyo alikuwa anajua! Alijua tofauti yote, neno kwa neno. Kitu asichokijua ni kwamba mashine aliyoiandika mwenyewe ilikuwa na kosa hilo hilo. Muda wote Mbuke alikuwa ameogopa mtu katili, na sasa aliona kwamba kilichokuwa mbele yake kilikuwa kigumu zaidi: mtu asiyejua, ambaye lazima aambiwe.

"Ndivyo, binti?" Daktari Benedicta aliuliza. "Ulichanganya?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Neno moja, ndiyo, na angepita kwa alama ndogo, angerudi Mbeya, na baba yake angebaki na habari yake ya kanisani. Lakini akisema ndiyo, kosa ni la Mbuke, na mashine ni safi. Mashine ikiwa safi, Isakwisa alifeli kwa haki.

Aliushika ukingo wa ubao.

"Hapana, Madam. Sikuchanganya. Nilijua ni uongo."

Kalamu ya Dokta Sosthenes ilisimama.

"Mtihani wa kwanza niliandika kama hivi ubaoni. Mashine ya kusahihisha ilikataa. Ilitaka mbili. Nikafeli. Kwenye marudio nikaandika inachotaka, nikafaulu. Isakwisa hakukubali kuandika uongo, aliandika tano nukta tatu tatu mara zote mbili. Amedisko. Yuko kwao Mbalizi."

Nje gari la mizigo lilikuwa linapanda mlima kwa gia ndogo.

"Unajua unachokisema?" Dokta Sosthenes aliuliza. Hakupaza sauti. "Kama si kweli, hili ni la kamati ya nidhamu."

"Najua, Dokta."

"Na kama ni kweli, umekiri mbele ya mtahini kwamba umewasilisha kazi uliyojua si sahihi."

"Najua pia, Dokta." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, akayaacha.

"Programu hiyo unayo hapo, Daktari Sosthenes?" Daktari Benedicta aliuliza, na kompyuta mpakato ikafunguliwa. "Binti, subiri nje."

*

Benchi lilikuwa la baridi kama jiwe. Ipyana alimtazama uso, akaelewa kabla hajauliza.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Umetaja majina?"

"La Isakwisa tu. Na langu."

"Watatazama kazi zetu zote, Mbuke. Zote zina mstari ule ule." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Umetumaliza. Mimi sina Mbalizi ya kurudi. Unajua hilo? Mjomba alishasema nikirudi nisimgongee."

Mbuke alitaka kumwambia samahani, lakini hakuwa na hakika kama anaomba samahani kwa kusema au kwa kuchelewa kusema. Ipyana alihamia mwisho wa benchi. Kupitia mlangoni walisikia sauti za walimu, chini, zikipokezana, kisha sauti moja tu, ya mama, ikiuliza kitu kile kile mara mbili. Kisha hakuna sauti kabisa. Mbuke aligundua kwamba anahesabu pumzi zake, na kwamba alikuwa anatamani, kweli kabisa, kwamba awe amekosea. Kwamba mashine iwe sahihi na yeye awe mwongo, mambo yaishe.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Dokta Sosthenes mwenyewe. Alisimama hapo kana kwamba amesahau alichofuata. Uso wake ulikuwa umeshuka, na Mbuke akaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee.

"Nilitumia hesabu moja kwa njia zote mbili," alisema. Hakuwa anaongea na mtu hasa. "Niliijaribu kwa kazi fupi kwanza, ikatoa sawa. Zamu sikuijaribu." Kisha akamwangalia Mbuke. "Yule kijana. Ana simu?"

Mbuke alimpa namba. Dokta aliiandika kwenye kiganja, akarudi ndani, akafunga mlango taratibu.

*

Kazi zote za mwaka ule na za mwaka uliotangulia zilisahihishwa upya, kwa mkono. Isakwisa alirudishwa. Mwanafunzi wa ile hadithi ya zamani alitafutwa, ikaonekana yuko Dodoma, ameoa, hataki tena chuo. Waliobadilisha mstari waliitwa mbele ya kamati mmoja mmoja. Hawakufukuzwa, kwa sababu mashine ndiyo iliyowasukuma, lakini hawakuachwa pia: walilazimika kurudia somo zima na darasa linalofuata. Ipyana alirudi, alikaa mbali na Mbuke, na walipokutana mlangoni alimpisha bila kumtazama.

Baba yake Mbuke alipoelezwa kwenye simu, ng'ombe walisikika nyuma yake.

"Kwa hiyo umefeli," alisema mwishowe.

"Nitarudia, baba."

"Na mimi nimeshawaambia watu." Alivuta pumzi. "Haya. Nitawaambia tena."

Isakwisa alimpigia usiku wa kuamkia siku ya kurudi. Mbuke alidhani angemsikia akicheka.

"Dokta alikuja mpaka nyumbani," Isakwisa alisema. "Alikaa kwenye kigoda cha mama, akaomba radhi. Mama hakujua ampe chai au amfukuze. Mbuke, naogopa kurudi kwenye darasa lake. Nilikuwa siogopi nilipokuwa mwenyewe na karatasi yangu. Sasa naogopa. Hiyo ni akili kweli?"

"Hata mimi naogopa."

"Wewe? Wewe ulisema mbele yake."

"Nilikuwa naogopa wakati nasema."

Hapo salio la Isakwisa likaisha.

Muhula ulipoanza, Mbuke aliingia chumba cha kompyuta akiwa na wanafunzi wadogo kwake, hata majina yao hakuyajua. Swali lilikuwa la kuiga foleni, namba mpya. Aliandika. Viatu visivyo na mlio vilipita nyuma ya viti, vikakaribia, vikasimama nyuma yake. Vidole vyake vikaganda juu ya vibonye. Dokta Sosthenes aliinama, akasoma mstari wa kungoja, muda wa kumaliza kutoa muda wa kufika kutoa muda wa kazi yenyewe, akausoma tena, na Mbuke akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake.

"Endelea," alisema, akapita kwa mwingine.

Ilimchukua Mbuke kitambo kabla vidole vyake havijakubali kusogea.